Namba Isiyojulikana Inapokaa Pande Zote Mbili: Somo la Milinganyo kwa Kidato cha Kwanza

Mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza akipewa mlinganyo 3x + 4 = 19, mara nyingi atapata 5 bila kuhitaji aljebra yoyote. Atajiuliza ni namba gani ikijumlishwa na 4 inakuwa 19, ataona ni 15, kisha atajiuliza ni namba gani ikizidishwa kwa 3 inakuwa 15. Anarudi nyuma hatua kwa hatua, kama mtu anayefungua mzigo kuanzia fundo la mwisho kufungwa, na kila hatua ni hesabu aliyoizoea tangu shule ya msingi. Mpe sasa 5x + 3 = 2x + 15, na njia hiyo inakatika palepale, kwa kuwa hakuna namba ya kuanzia safari ya kurudi: upande wa kulia nao una x ndani yake. Watafiti wawili wa Meksiko, Eugenio Filloy na Teresa Rojano, waliandika mwaka 1989 kwamba mpaka kati ya hesabu za namba na aljebra unapita hapa hasa, kati ya mlinganyo wenye x upande mmoja na mlinganyo wenye x pande zote mbili. Kwa maoni yangu hili ni jambo la kupangiwa somo zima, kwa sababu mwanafunzi aliyevushwa mpaka huu kwa kukaririshwa kanuni hubaki anakosea kwa namna zilezile hadi Kidato cha Nne, hata mahali ambapo mlinganyo ni hatua ndogo tu ndani ya swali la jiometria au la fizikia.

Somo ninalolieleza hapa ni la vipindi viwili vinavyofuatana, vya dakika 40 kila kimoja. Linadhani kwamba wanafunzi wameshajifunza kukusanya mitajo inayofanana, kujumlisha na kutoa namba hasi, na kufungua mabano. Lengo lake lina sehemu mbili: mwanafunzi aweze kupata thamani ya x katika mlinganyo wenye x pande zote mbili, na aweze kusema, kwa kila mstari anaouandika, amefanya nini kwa pande zote mbili na kwa nini mstari huo una jibu lilelile la mstari uliotangulia. Sehemu ya kwanza inaweza kufikiwa kwa mazoezi peke yake. Ya pili haifikiwi hivyo, na ndiyo inayoamua kama mwanafunzi atajisahihisha mwenyewe siku mwalimu asipokuwapo.

Dakika kumi za mwanzo hazigusi x hata kidogo. Mwalimu anaandika ubaoni 8 + 4 = __ + 5 na kumtaka kila mmoja ajaze nafasi hiyo kimyakimya katika daftari lake. Wapo watakaoandika 12, na pengine mmoja au wawili wataandika 17. Aliyeandika 12 si mvivu. Tangu Darasa la Kwanza ameiona alama ya = ikija mwishoni mwa hesabu, na baada yake likifuata jibu, kwa hiyo anaisoma kama amri ya "sasa kokotoa". Ameona 8 + 4, amekokotoa, amejaza. Aliyeandika 17 amefanya kosa la asili hiyohiyo, ila yeye amezoa kila namba iliyopo mbele yake na kuijumlisha.

Kosa hili halisahihishwi kwa kutangaza kanuni. Mwalimu amwombe mwanafunzi asome kwa sauti alichokiandika: "Nane jumlisha nne ni sawa na kumi na mbili jumlisha tano." Mara nyingi msomaji mwenyewe anasita kabla ya kufika mwisho wa sentensi. Katika shule za msingi za umma Tanzania Bara hufundishwa kwa Kiswahili na sekondari kwa Kiingereza, kwa hiyo mtoto huyu amebadili lugha ya masomo miezi michache tu iliyopita, na maneno "ni sawa na" ni mali aliyokuja nayo. Sioni sababu ya kumnyang'anya kwa dakika hizi chache, hata kama sehemu iliyobaki ya somo itaendeshwa kwa Kiingereza. Alama yenyewe ilibuniwa na Robert Recorde wa Welisi mwaka 1557, naye alichora mistari miwili sambamba yenye urefu mmoja kwa hoja kwamba hakuna vitu viwili vinavyoweza kuwa sawa kuliko hivyo. Ni alama inayolinganisha pande mbili, wala haina upande wa swali na upande wa jibu.

Baada ya hapo mwalimu anaandika 36 + 48 = __ + 47 na kuwakataza wanafunzi kukokotoa jumla. Mwenye kuitazama kama mizani ataona kwamba 48 imepungua 1 na kuwa 47, kwa hiyo 36 lazima iongezeke 1 iwe 37. Darasa likiweza kueleza hivyo bila kukokotoa 84, liko tayari kwa x.

Mfano wa kwanza ni 5x + 3 = 2x + 15, na unaingia kwa mizani ya vitanga viwili. Mwalimu anachora kitanga cha kushoto chenye mifuko mitano ya maharage na mawe ya kilo 3, na kitanga cha kulia chenye mifuko miwili na mawe ya kilo 15. Mifuko yote ina uzito mmoja, ila hatuujui, na mizani imetulia. Swali la kwanza si "x ni ngapi", bali ni "tunaweza kuondoa nini bila mizani kuinama?" Wanafunzi watasema tuondoe mifuko, na hapo mwalimu asiharakishe, aulize mingapi na kutoka upande gani. Jibu analolitafuta ni miwili kutoka kila kitanga. Zinabaki mifuko mitatu na kilo 3 upande mmoja, na kilo 15 upande wa pili. Mlinganyo huo sasa ni wa aina waliyokwisha kuimudu, kwa maana x imebaki upande mmoja, na kazi yote mpya ya somo hili imo katika hatua hiyo moja. Maandishi ubaoni yanakwenda sambamba na mchoro, kila mstari ukiwa na maelezo yake pembeni:

5x + 3 = 2x + 15

3x + 3 = 15 (tumetoa 2x kila upande)

3x = 12 (tumetoa 3 kila upande)

x = 4 (tumegawanya kila upande kwa 3)

Kisha uhakiki, ambao unafanywa katika mstari wa kwanza kabisa, si katika mstari mwingine wowote: kushoto 5 × 4 + 3 = 23, kulia 2 × 4 + 15 = 23. Naitilia mkazo sharti hiyo kwa sababu mwanafunzi akikosea kati ya mstari wa kwanza na wa pili, kisha akahakiki kwa kutumia mstari wa pili, uhakiki wake utapita na kosa litabaki mahali pake. Wapo pia wanaodhani kuhakiki ni kutatua upya, wakarudia njia ileile na kosa lilelile. Kuhakiki ni kuweka namba mahali pa x na kukokotoa kila upande peke yake.

Mizani ina kikomo, na mwalimu asipokitaja wanafunzi watakigundua kwa njia ya kuchanganyikiwa. Mfano wa pili ni 7 − 2x = 3x − 18. Hakuna anayeweza kuweka mifuko hasi miwili kwenye kitanga, wala jiwe la kilo hasi 18. Mwalimu aseme wazi kwamba mchoro wa mizani unaishia hapa, lakini sheria tuliyoipata humo inaendelea: lolote utakalofanya upande mmoja, fanya na upande wa pili, na usawa utabaki. Kwenye mfano huu kinachosumbua ni alama za kutoa, na dawa ya kutoa ni kujumlisha. Tukijumlisha 2x kila upande, tunapata 7 = 5x − 18. Tukijumlisha 18 kila upande, tunapata 25 = 5x. Tukigawanya kwa 5, tunapata 5 = x. Uhakiki unatoa 7 − 10 = −3 kushoto na 15 − 18 = −3 kulia.

Hapa nina desturi ya kutoa dakika mbili kwa historia, kwa sababu inalieleza somo lenyewe. Al-Khwarizmi, aliyefanya kazi Baghdadi katika karne ya 9, alivipa vitendo viwili majina. Kimoja alikiita al-jabr, yaani kurudisha au kuunga kilichovunjika, nacho ni kile cha kujumlisha kilichotolewa ili kiondoke katika hali ya upungufu, kama tulivyofanya kwa 2x na 18 katika mfano wa pili. Neno aljebra limetoka hapo. Kingine alikiita al-muqabala, yaani kukabilisha, nacho ni kuondoa kiasi kilekile kutoka pande zote mbili, kama tulivyotoa mifuko miwili kila kitanga. Msemaji wa Kiswahili analijua neno hilo: nyumba mbili zikitazamana tunasema moja iko mkabala na nyingine. Mlinganyo ni pande mbili zilizo mkabala, na katika vitendo vyote viwili hakuna kitu kinachovuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine.

Nasema hivyo kwa makusudi, kwa sababu kanuni inayotawala katika madarasa mengi ni ile ya "ukivusha badili alama". Siipigi marufuku. Ni ya haraka, na mwenye kuelewa imetoka wapi anaweza kuitumia maisha yake yote bila madhara. Shida ni kwamba inaficha kitendo na kuacha mwendo tu. Mwanafunzi haoni tena kwamba 2x imetolewa kila upande, bali anaona 2x imetembea ikapita alama ya = na kugeuka −2x njiani. Na kwa kuwa kanuni haisemi ni vitu gani vinavyovuka kwa namna hiyo, anaitumia kwa kila kitu. Amefika 3x = 12, anataka kuivusha 3, anakumbuka kwamba kinachovuka hubadili alama, na anaandika x = 12 − 3, yaani 9. Mwenzake anajua kwamba hapo ni kugawanya, ila naye anabadili alama kama alivyofundishwa, na anaandika x = 12 ÷ (−3), yaani −4. Wote wawili wameitii kanuni walivyoisikia. Mwanafunzi aliyezoea kuandika "tumegawanya kila upande kwa 3" hana pa kuitumbukiza hasi hiyo. Kwa hiyo katika somo hili la kwanza nashikilia maelezo ya pembeni kwa kila mstari, na njia ya mkato ije baada ya wiki mbili au tatu, itokane na wanafunzi wenyewe.

Mfano wa pili una mtego mwingine unaostahili kuonyeshwa kabla haujanasa. Mstari 25 = 5x unawasumbua wanafunzi kwa kuwa x iko kulia, na wengi watataka kuigeuza kwa kuvusha kila kitu hadi wapate −5x = −25. Si kosa, lakini wamejitafutia alama mbili za hasi ambazo hawakuzihitaji, na wapo watakaogawanya −25 kwa −5 na kupata −5. Iwapo pande mbili ni sawa, zinaweza kusomwa kuanzia upande wowote, kwa hiyo 25 = 5x na 5x = 25 ni sentensi moja. Ushauri ninaoutoa ni kutazama namba zilizo mbele ya x pande zote mbili na kuondoa mtajo wenye namba ndogo zaidi. Kati ya −2 na 3, ndogo ni −2, ndiyo maana tulianza kwa kujumlisha 2x. Atakayefanya hivyo kila mara atabaki na x chanya, na ni jambo la urahisi tu, si la usahihi, mwanafunzi alijue hivyo.

Mfano wa tatu unaingiza mabano: 3(x − 2) − 2(x − 5) = 10. Nimeuchagua kwa sababu ya hasi 2 iliyo mbele ya mabano ya pili, mahali ambapo makosa ni mengi kuliko popote katika mada hii. Mabano ya kwanza yanatoa 3x − 6. Kwa mabano ya pili, mwanafunzi azidishe −2 kwa x apate −2x, kisha −2 kwa −5 apate +10. Upande wa kushoto unakuwa 3x − 6 − 2x + 10, yaani x + 4, na x + 4 = 10 inatoa x = 6. Uhakiki: 3 × 4 − 2 × 1 = 10.

Watakaokosea hapo wanagawanyika katika makundi mawili. Kundi la kwanza linazidisha mtajo wa kwanza wa mabano na kuusahau wa pili, likaandika −2x − 5, na linaishia kwenye x = 21. Kundi la pili linazidisha mitajo yote miwili lakini halibebi hasi hadi mwisho, likaandika −2x − 10, na linaishia kwenye x = 26. Majibu yote mawili ni makosa, ila tiba zake ni tofauti: wa kwanza hajaelewa kwamba 2(x − 5) ni x − 5 mara mbili nzima, na wa pili analielewa hilo lakini hana uhakika na zao la hasi mbili. Kwa wa kwanza, kuandika 2(x − 5) kama (x − 5) + (x − 5) kunatosha mara nyingi. Kwa wa pili, mwache ajaribu namba: x ikiwa 6, basi −2(6 − 5) ni −2 × 1, yaani −2. Kisha akokotoe −2 × 6 − 10, ambayo ni −22, na −2 × 6 + 10, ambayo ni −2. Ni ile ya pili tu inayolingana.

Hilo linanifikisha kwenye jambo ambalo ningependa kila mwalimu anayeandaa mlinganyo kwa ajili ya kupima alifanye. Kabla ya kuliweka swali ubaoni, alitatue mara moja kwa usahihi, kisha alitatue tena kwa kila kosa analolijua, na ahakikishe kwamba kila kosa linatoa jibu lake la peke yake. Mlinganyo ukichaguliwa vizuri, jibu lililokosewa linasema lenyewe lilitoka wapi. Chukua 6x − 5 = 2x + 7, ambao jibu lake ni 3. Aliyejumlisha 2x na 6x badala ya kutoa atapata 8x = 12, yaani 1.5. Aliyetoa 5 badala ya kuijumlisha atapata 4x = 2, yaani 0.5. Aliyefanya yote mawili atapata 8x = 2, yaani 0.25. Aliyefika 4x = 12 kwa usahihi kisha akatoa 4 atapata 8, na aliyegawanya kwa hasi 4 atapata −3. Mwalimu mwenye wanafunzi 60 hawezi kusoma mistari yote ya kila karatasi jioni moja, lakini anaweza kusoma majibu 60 kwa muda mfupi na kujua kila kundi linahitaji nini.

Yapo makosa mawili ambayo jibu la mwisho haliyafichui, na haya yanatafutwa kwa kupita kati ya madawati wakati wa mazoezi. La kwanza ni kuunganisha mitajo isiyofanana. Mwanafunzi anaona 6x − 5 na kuandika x, au anaona 2x + 7 na kuandika 9x, kwa sababu kuacha alama ya kujumlisha katikati kunamfanya ahisi kwamba hesabu haijakamilika. Mzizi wake ni uleule wa 8 + 4 = __ + 5, kwamba kila alama ya kitendo ni amri ya kukokotoa sasa hivi. Mrudishe kwenye mifuko: mifuko miwili na kilo 7 hazifanyi mifuko tisa, isipokuwa pale ambapo kila mfuko una kilo 1, na hilo hatulijui.

La pili ni kuziunganisha hatua kwa alama ya = mfululizo, mwanafunzi akaandika 4x − 5 = 7 = 4x = 12 = 3. Jibu ni sahihi, na walimu wengi hupita hapo bila kusema kitu. Mimi sipiti. Mstari huo unadai kwamba 7 ni sawa na 12, na 12 ni sawa na 3, na mwanafunzi anayeandika hivyo bado anaisoma alama ya = kama "kisha inafuata". Nampa vema kwa jibu, halafu namwomba asome mstari wake kwa sauti, kama tulivyofanya mwanzoni mwa somo. Kuandika kila mlinganyo katika mstari wake, alama za = zikipangwa wima moja chini ya nyingine, kunaondoa tatizo hilo kwa sehemu kubwa.

Kwa upande wa muda, ufunguzi ukichukua dakika 10 na mfano wa kwanza dakika 15, mfano wa pili pamoja na maelezo yake unamaliza kipindi cha kwanza. Cha pili kinaanza na mfano wa mabano, dakika 10, kisha mazoezi ya watu wawili wawili kwa dakika 20, ambapo mmoja anaandika mstari na mwenzake anaandika maelezo ya pembeni, halafu wanabadilishana. Milinganyo minne inatosha kwa mazoezi hayo, na ningeshauri mmoja wapo uwe 2x + 3 = 2x + 5, usiotangazwa kuwa tofauti. Wakitoa 2x kila upande watabaki na 3 = 5, na mjadala utakaozuka utamwonyesha mwalimu nani anaelewa kwamba hakuna namba inayoweza kuufanya mlinganyo huo uwe kweli, na nani anatafuta jibu la kuandika kwa kuwa kila swali lazima liwe na jibu. Milinganyo yenye sehemu isiingizwe siku hii. Inahitaji kigawe kidogo cha shirika cha asili zote na kuzidisha kila mtajo kwa kigawe hicho, na kosa lake kuu, la kuusahau mtajo usio na asili, linahitaji kipindi chake.

Dakika 10 za mwisho ni za maswali ya kufunga kipindi, yanayojibiwa na kila mmoja peke yake kwenye kikaratasi kinachokabidhiwa mlangoni. Ninayatumia matatu.

Swali la kwanza: Tatua 6x − 5 = 2x + 7 na uhakiki jibu lako.

Swali la pili: Tatua 4(x − 3) = 9 − 3(x − 7).

Swali la tatu: Mwanafunzi mmoja ameandika mistari ifuatayo. Onyesha, bila kuutatua mlinganyo, kwamba jibu lake si sahihi. Kisha taja mstari wenye kosa na ueleze kosa hilo.

9 − 4x = x − 6

5x = x − 6

4x = −6

x = −1.5

Majibu ya swali la kwanza nimekwisha kuyaeleza. La pili jibu lake ni 6, kwa kuwa upande wa kulia unakuwa 9 − 3x + 21, yaani 30 − 3x, na mlinganyo unakuwa 7x = 42. Nalo limepangwa ili makosa yajitenge. Atakayeandika −21 badala ya +21 atapata 0. Atakayezidisha vema mabano ya kushoto lakini akauacha 7 wa kulia bila kuzidishwa atapata 2. Atakayetoa 9 − 3 kwanza na kuandika 6(x − 7) atapata 15, na huyo amesahau MAGAZIJUTO aliyoikariri shule ya msingi, kwamba kuzidisha kunatangulia kutoa. Si tatizo la milinganyo hata kidogo, na kumrudisha kwenye mizani hakutamsaidia.

La tatu ndilo ninalolisoma kwa makini zaidi. Sehemu yake ya kwanza inadai uhakiki: kushoto 9 − 4 × (−1.5) ni 15, kulia −1.5 − 6 ni −7.5, kwa hiyo pande haziko sawa. Atakayeutatua mlinganyo upya, akapata 3, na kusema "jibu ni 3, kwa hiyo −1.5 si sahihi" ana jibu la kweli, ila ameepuka kilichoulizwa, na inaelekea bado anaamini kwamba usahihi wa jibu hujulikana kwa kulilinganisha na jibu lingine. Sehemu ya pili inadai aseme kwamba kosa liko mstari wa pili, ambapo 9 − 4x imegeuzwa kuwa 5x. Anayesema kosa liko mstari wa tatu kwa sababu "x imevuka bila kubadili alama" amejifichua. Mstari wa tatu umetoka kwa haki kwenye wa pili, kwa kutoa x kila upande, lakini yeye anatafuta kosa la kuvusha kwa kuwa ndilo kosa pekee analolijua.

Kesho yake asubuhi, kabla ya somo jipya, navigawa vikaratasi katika mafungu kwa aina ya kosa na kuandika ubaoni majibu mawili yaliyojitokeza zaidi, bila jina la mtu. Kama swali la kwanza limeleta 1.5 mara nyingi, tunarudi kwenye vitanga na kuuliza kwa nini mifuko iliongezeka wakati tulikuwa tunaiondoa. Kama limeleta 8, hakuna haja ya mizani, tunaandika 4x kama x + x + x + x na kuuliza ni kipi kinachoweza kutolewa. Na wale waliopata yote matatu wanapewa kazi ya kutunga mlinganyo wenye x pande zote mbili na jibu 4, kisha watafute jibu ambalo mwenzao mwenye kosa la alama angelipata, na lile ambalo mwenye kosa la kugawanya angelipata, na wahakikishe kwamba majibu hayo hayalingani.